Bango la kifua kikuu: shajara ya miezi miwili, Tanga mjini

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mtendaji wa mtaa kaniita ofisini. Mwisho wa Agosti kuna mkutano wa wakazi, na safari hii wanataka WAJA, sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tuwaoneshe tumefanya nini. "Si maneno matupu, dada. Leteni bango, watu waone hesabu." Nikaitikia haraka haraka, nikawa nimeshajifunga.

Tuko sita katika mitaa mitatu inayopakana, wawili kila mtaa, na mimi ndiye ninayekusanya hesabu za wote sita kila mwisho wa mwezi nazipeleka zahanati. Kazi ni nyingi: wajawazito, watoto wa kupimwa mkono kwa utepe, vyandarua, vyoo. Bango nimeamua liwe la kifua kikuu peke yake. Ni kazi yenye mwanzo na mwisho: mtu anaanza dawa tarehe inayojulikana, na baada ya miezi sita lazima uandike kimempata nini. Tena ni kazi ambayo jina likivuja, mtu anaweza kukosa chumba cha kupanga, au mchumba.

Wenzangu mtakaosoma haya: kata sitaitaja. Hesabu zote nimezibadili, ila nimehakikisha zinajumlika, ili anayetaka kufuata kwa kalamu afuate. Watu nao nimewabadili kazi, umri na hata jinsia pale ilipobidi.

Jumatano, 9 Julai

Leo nimeshinda na daftari. Kosa la kwanza nimelikuta kwenye ripoti yangu mwenyewe ya mwaka jana, niliyoipeleka kwa kujisifu.

Nilikuwa nimechukua waliomaliza dawa kati ya Januari na Juni, nikawagawanya kwa walioandikishwa kati ya Januari na Juni. Ukiangalia kwa haraka ni sawa. Lakini aliyeanza dawa Aprili hawezi kumaliza Juni, na aliyemaliza Februari alianza mwaka uliotangulia. Nilikuwa nagawanya watu kwa watu wengine. Miezi ambayo walioandikishwa ni wachache, asilimia yangu inapanda hadi karibu mia. Ikitokea kampeni ya upimaji na wengi wakagundulika, inaporomoka, na mimi sijabadilisha chochote katika kazi.

Njia yenyewe ni kumfuata mtu na kundi lake. Unachukua wote walioanza dawa katika kipindi kimoja, unasubiri wa mwisho wao atimize miezi sita, ndipo unahesabu kila mmoja ameishia wapi. Kwa hiyo leo, Julai 2025, kundi la karibuni ninaloweza kulizungumzia ni la walioanza Julai hadi Desemba 2024. Walioanza mwaka huu wangali njiani. Kuwatia kwenye hesabu ni kuvuna mahindi mabichi.

Kundi hilo lina watu 26. Waliopona 10, waliomaliza matibabu 12, waliofariki 2, aliyepotea 1, aliyehamia wilaya nyingine 1 na matokeo yake hatukuyapata.

Kupona na kumaliza ni vitu viwili. Aliyepona ni yule ambaye mwanzo makohozi yake yalikutwa na vimelea, na mwisho yakapimwa yakawa safi. Aliyemaliza kanywa dawa zote na hali yake ni nzuri, lakini hakuna kipimo cha makohozi cha mwisho cha kuthibitisha. Watoto wadogo hawajui kukohoa makohozi kwenye kikopo, kwa hiyo wengi wao huangukia "kumaliza" hata wakiwa wazima kabisa wanacheza mpira. Kwenye ripoti unajumlisha hao wawili kuwa waliofaulu: 22 kati ya 26, karibu asilimia 85. Aliyehamia anabaki ndani ya wale 26. Kumwondoa kungenipandisha kidogo, na ni mchezo niliwahi kuucheza.

Alhamisi, 17 Julai

Rasimu ya kwanza imekamilika kwenye karatasi ya manila, makapeni rangi tatu, mistari imenyooka kwa rula ya mwanangu. Hakuna jina hata moja. Hiyo ndiyo iliyonipa kiburi.

| Mtaa | Walioanza | Waliofaulu | Wamefariki | Wamepotea | Wamehama |
|---|---|---|---|---|---|
| Wa kwanza | 12 | 11 | 1 | 0 | 0 |
| Wa pili | 9 | 7 | 1 | 1 | 0 |
| Wa tatu | 5 | 4 | 0 | 0 | 1 |

Chini yake nikaweka jedwali jingine la wanaume na wanawake. Mtaa wa tatu: wanaume 4, mwanamke 1.

Nikampigia mwenzangu mmoja aje alione, naye ni WAJA wa kata nyingine. Kala kiapo kama changu, ila shangazi yake anakaa mtaa wetu wa tatu na Jumapili huwa anakuja kumwangalia. Nikamwambia: una dakika kumi, jifanye jirani mwenye umbea, niambie unamtambua nani.

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Hakuchukua muda.

"Huyu mwanamke mmoja wa mtaa wa tatu. Si yule aliyekonda mwaka jana ikasemwa karogwa?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, maana kimya changu kilikuwa kimeshajibu. Akaendelea taratibu: "Na huyu aliyefariki mtaa wa kwanza. Nusu ya pili ya mwaka jana, vijana waliozikwa pale hawafiki watatu. Mmoja alikuwa ajali ya pikipiki."

Wawili, katika dakika nne. Hakuhitaji jina wala picha. Namba moja iliyokaa peke yake ndani ya kisanduku, mahali ambapo watu wanajua misiba ya wenzao, ni sawa na jina.

Jumamosi, 19 Julai

Nimejaribu dawa ya kwanza inayomjia kila mtu: popote palipo na namba ndogo, futa, andika "chini ya 5". Watu wa takwimu hufanya hivyo, wengine kwa 5, wengine kwa 10. Nikafuta moja, sifuri na nne zote, nikaona nimemaliza.

Jioni nikakaa barazani na daftari la mwanangu la hesabu, nikajaribu kujivunjia mlango mwenyewe. Mtaa wa kwanza: walioanza 12, waliofaulu 11. Kumi na mbili toa kumi na moja. Mtoto wa darasa la pili analipata hilo jibu. Nimefuta visanduku, lakini jumla yake nimeiacha mezani na waliofaulu pembeni. Kwa hiyo ukificha kisanduku kimoja kwenye mstari, lazima ufiche na cha pili, au uondoe jumla. Na ukificha viwili kwenye mstari, kuna safu inayoshuka chini: jumla ya mitaa mitatu nayo inatoa jibu kwa njia ya pili. Nilianza kuficha hiki ili kulinda kile, na kile ili kulinda hiki, mpaka jedwali likabaki na mawingu ya "chini ya 5" na namba mbili tatu zisizo na maana. Bango la namna hiyo hakuna atakayelisoma. Atakayelisoma atakuwa ni yule mwenye umbea, maana limeshakuwa fumbo.

Jambo jingine lilijitokeza wakati nahangaika. Namba kubwa nayo inaweza kumvua mtu nguo. Tuseme ningeandika kwamba katika mtaa fulani wagonjwa wote 9 walipimwa VVU na wote 9 wakakutwa nayo. Tisa si chini ya tano, inapita kanuni. Lakini neno "wote" limemsema kila mmoja wao: ukijua tu kwamba jirani yako alikuwa anatumia dawa ya kifua kikuu, umeshajua na la pili. Sifuri nayo ni vivyo hivyo kwa upande wake. Tangu leo safu ya VVU haikaribii bango lolote nitakaloandika, hata la asilimia.

Nilichoamua: kufuta sifuti tena, naunganisha. Mitaa mitatu inakuwa eneo moja. Nusu mwaka inakuwa mwaka mzima, yaani walioanza dawa kuanzia Januari hadi Desemba 2024. Jinsia na umri vinaondoka. Matokeo yanabaki ya aina mbili, waliofaulu na wengine.

Kundi la mwaka mzima ni watu 49. Waliofaulu ni 41, karibu asilimia 84. Waliobaki ni 8, na ndani yao wamo waliofariki 5, waliopotea 2, na yule mmoja aliyehama. Sasa mtu akitoa 41 kwenye 49 anapata 8, na ndani ya hao wanane kuna mitaa mitatu, mwaka mzima, na sababu za aina tatu. Umbea wake utaishia hapo.

Mmoja wetu amenipinga, na hoja yake ninaiheshimu: kuunganisha waliofariki na waliohama ni kuficha vifo. Nimemjibu kwamba havifichwi kwa wanaopaswa kuvijua. Karatasi za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinakwenda zahanati na kila kisanduku chake, kifo kwa kifo, na mratibu wa kifua kikuu na ukoma anaviona vyote na ananiuliza kimoja kimoja. Bango la ukutani ni kwa msomaji mwingine. Hakuridhika sana.

Jumanne, 29 Julai

Nimelala vibaya. Saa nane usiku nimekumbuka bango la Februari.

Februari mwaka huu tulibandika bango dogo la kundi la Januari hadi Juni 2024. Mimi ndiye niliyeliandika. Walioanza 23, waliofaulu 19, waliofariki 3, aliyepotea 1. Lilikuwa na kosa lake lenyewe, yule mmoja aliyepotea kaandikwa waziwazi. Lakini tazama linalolifanyia bango jipya. Kwanza nilitaka niandike waliofariki 5, kwa kuwa tano inapita kanuni. Mtu akisimama na bango la Februari mkono mmoja na la Agosti mkono mwingine: tano toa tatu, mbili. Vifo viwili, nusu ya pili ya mwaka, na tumerudi kwa mwenzangu na miwani yake. Hata wale wanane, ukitoa wanne wa Februari, wanabaki wanne, chini ya kanuni, kwa hiyo la zamani lazima livuliwe.

Bango jipya lazima ulipime na yote uliyokwisha kuyabandika. Nimefika ofisi ya mtaa saa mbili asubuhi. Lile la zamani lilikuwa bado ukutani nyuma ya mlango, kona moja imeng'oka, limepigwa jua limekuwa rangi ya chai. Nimelivua na gundi yake, na chokaa kidogo ikaja nayo. Mwenyekiti akaniuliza, "Mwanangu, mbona unaniachia ukuta uchi?" Nikamwambia nitamletea lingine.

Nimeandika ndani ya jalada la daftari langu orodha ya kila namba tuliyowahi kuitoa hadharani, na tarehe yake. Mistari sita tu. Kuanzia sasa, kabla ya kutangaza mpya, natoa ndani yake zile za zamani nione kinachobaki.

Jumatano, 6 Agosti

Sehemu ya mafunzo niliidhani nyepesi. Nimeikuta ndiyo yenye tundu kubwa kuliko zote.

Kila mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa nyumbani ana msaidizi wa matibabu: mke, mama, kaka, wakati mwingine jirani. Huyo ndiye anayemwona akimeza kila siku. Mwezi Mei tuliwafundisha wasaidizi 18, siku mbili. Nilitaka kuandika "wasaidizi 18 wamefundishwa" na kubandika picha ya pamoja, wale wote wamesimama mbele ya mwembe wa zahanati na madera yao mazuri.

Ukitulia utaona picha ile ni nini. Hao 18 kila mmoja ana mgonjwa nyumbani kwake. Picha ya wasaidizi wa matibabu ni picha ya wagonjwa 18, ila wamewatuma ndugu zao kusimama badala yao. Karatasi ya mahudhurio ni hivyo hivyo: jina, mtaa, namba ya simu, saini, na juu yake kichwa cha habari kwa herufi kubwa, MAFUNZO YA WASAIDIZI WA WAGONJWA WA TB. Karatasi hiyo ilizunguka mkono kwa mkono siku mbili, kisha ikaenda kwa mhasibu kwa ajili ya nauli, kisha nakala moja ikabaki kwenye droo isiyo na kufuli. Nimeona aibu.

Nimezungumza na mganga mfawidhi. Tumekubaliana hivi. Kuanzia mafunzo yajayo kichwa cha karatasi kitakuwa "Mafunzo ya afya ya familia", na tutawaita pamoja na wanaohudumia wagonjwa wa kisukari na presha, kwa kuwa nusu ya mafunzo, ile ya kukumbusha dawa na kutunza kadi, inawafaa wote. Sehemu ya kifua kikuu peke yake itafundishwa mmoja mmoja, nyumbani. Kila mtu atasaini karatasi yake, si ya kuzungushwa. Karatasi za malipo zitakaa kabati la zahanati. Hii inagharimu muda: siku mbili za darasani zinakuwa siku mbili na ziara 18. Mganga alisema "basi" kwa sauti ya mtu anayehesabu mafuta ya pikipiki.

Picha imebadilika. Nimepiga mikono tu: mikono ya mama mmoja, hina imefifia kwenye kucha, kashika pakiti ya vidonge na kadi tupu isiyoandikwa. Pete aliivua mwenyewe kabla sijasema. "Pete hii mjini hapa wanaijua," akaniambia.

Kuhusu matokeo ya mafunzo, "18 wamefundishwa" inasema tu kwamba watu walikaa kwenye viti. Nilichokitaka ni kujua kama wanaweza. Kwa hiyo kila msaidizi nilimwomba mambo matatu, kabla na wiki nne baada ya mafunzo, nyumbani kwake. La kwanza, nihesabie vidonge vya leo. Dozi hufuata uzito, na mkubwa wa kawaida hupewa vitatu au vinne kwa siku. La pili, mgonjwa akikuambia mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa utafanya nini? Jibu ni: hakuna, ni rangi ya rifampisini, mtulize aendelee na dawa. La tatu, macho yakiwa ya njano? Hapo jibu linageuka: dawa zisimame na aende kituoni siku hiyo hiyo, maana ini linaweza kuwa limeumia.

Kabla ya mafunzo wengi walijibu kinyume, na ndilo lililonishtua zaidi mwaka huu. Mkojo wa rangi ulikuwa umewatisha, wawili walikuwa wameshasimamisha dawa siku kadhaa kwa ajili yake. Macho ya njano waliyaona ni uchovu. Kati ya wasaidizi 18, waliojibu yote matatu sawasawa kabla walikuwa 6, na baadaye 13. Namba hizo zinaingia bangoni, 6 na 13, bila kusema ni ya mtaa gani. Kumi na nane toa kumi na tatu ni watano, nimeshapima.

Jumapili, 10 Agosti

Fupi, maana nina hasira na mimi mwenyewe. Nimefungua picha za simu yangu nikitafuta ile ya mikono, nikakuta kurasa za daftari 40 na zaidi. Kila mwezi nilikuwa napiga picha ukurasa na kuutuma kwa msimamizi kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa sababu kupiga picha ni rahisi kuliko kujaza fomu. Majina, umri, mtaa, vipimo. Simu ambayo mwanangu anachezea gemu. Nimefuta zote, na nimewaomba wenzangu watano wafute za kwao, kwenye kundi na kwenye picha za simu, maana ukizifuta mahali pamoja zinabaki pengine. Kuanzia mwezi huu natuma jumla kwa maandishi, na daftari lenyewe linatembea kwa miguu yangu hadi zahanati.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Niliijua kwenye mafunzo. Nilikuwa nadhani inawahusu wenye kompyuta.

Alhamisi, 21 Agosti

Mtendaji anataka na kisa kimoja, "watu wanapenda kisa." Yupo baba mmoja, nimsemee hivyo, aliyeanza dawa akiwa hawezi kutembea hadi msikitini, na akamaliza. Amenisikia nikizungumzia bango, akaniambia niandike habari zake na jina lake kamili na la baba yake.

Nilifurahi kwanza. Kisha nikajiuliza anaweza kunikatalia mimi kitu gani, mimi niliyempelekea dawa mvua ikinyesha. Ridhaa anayoitoa mtu kwa anayemhudumia ina uzito wa shukrani ndani yake. Kwa hiyo sikumwuliza mimi. Alikwenda mwenzangu asiyemhudumia, baada ya siku tano, akamsomea niliyoyaandika neno kwa neno, akamwambia anaweza kukataa na dawa za presha za mkewe hazitaguswa, na kwamba anaweza kubadili mawazo hadi siku ya kubandika.

Kwenye kusomewa ndipo alipokwama. Nilikuwa nimeandika kwamba watoto wake wawili walikutwa hawajaambukizwa, lakini wa tatu alianzishiwa matibabu. Akasema, "Hapo kuna binti yangu. Mwakani anaolewa." Jina lake ni lake, lakini limefungamana na la binti, na binti hakuulizwa.

Nilijaribu kumbadilisha: nikampa kazi nyingine, nikampunguzia watoto. Mwenzangu wa miwani akasoma, akamtambua kwa jambo moja nililoliacha, kwamba alikuwa anabebwa kwa baiskeli na mpwa wake kila Ijumaa. Tanga baiskeli ni nyingi kama nini, lakini mzee anayebebwa nyuma akielekea msikitini kila Ijumaa ni mmoja. Kisa kikivutia, kwa kawaida ni kwa sababu ya lile jambo ambalo ni la mtu mmoja tu. Nikiliondoa, kinabaki cha mtu yeyote na hakisomeki.

Tumeacha kisa. Tumekubaliana kama atapenda atasimama mwenyewe mkutanini, aseme anachotaka kusema na aache anachotaka kuacha. Kalamu yangu nimeiweka chini.

Jumamosi, 30 Agosti

Mkutano umefanyika baada ya alasiri, chini ya mti mbele ya ofisi. Bango lina mistari minne na picha ya mikono. Walioanza 2024 katika mitaa mitatu, 49. Waliofaulu, 41. Wasaidizi wa familia waliojibu maswali matatu sawasawa, kabla 6, baada 13. Na mstari wa mwisho, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mwone WAJA au nenda kituoni, kipimo ni bure.

Mzee mmoja wa mbele alisoma kwa sauti, akanyamaza akihesabu vidole. "Arobaini na tisa, arobaini na moja. Wanane. Wangapi wamekufa humo?"

Nilikuwa nimejiandaa na jibu tangu Julai, na bado ulimi ulikauka. Nikasema: "Wamo, babu. Na wamo waliohama na walioacha dawa. Idadi ya kila kimoja anayo mganga mfawidhi, na anaifanyia kazi. Hapa siwezi kuigawa, kwa sababu nikiigawa mtakaa mkitafuta ni nani." Watu wakacheka kidogo. Mama mmoja nyuma akasema, "Kweli, tungetafuta."

Yule baba alikuja. Alikaa mwisho, hakusimama.

Mwenzangu aliyenipinga bado anaona vifo vilistahili namba yake. Nimemwahidi mwakani, tukiunganisha makundi ya miaka miwili, tutaangalia kama inawezekana. Kwa kanuni yangu lazima kila kipande kinachobaki kiwe watano au zaidi, na kipimwe na mistari yote iliyo kwenye jalada la daftari.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepita ofisini kuchukua makapeni niliyoyasahau. Mwenyekiti ananiambia bango jipya ni zuri, ila vijana wa kijiweni wanalipenda zaidi la zamani kwa kuwa lina maelezo mengi.

"Vijana gani, mzee?"

"Wa bodaboda. Si nilitoa nakala Februari nikawapa wabandike kibandani? Wewe ulinivulia la hapa tu."

Saa kumi na moja jioni ndipo wanakuwa kijiweni wote. Nakwenda na wembe wa kukwangulia gundi, na nimeongeza mstari wa saba ndani ya jalada: nani alipewa nakala.